Msuko wa Kirumba kwa kichwa cha Brussels

Kila msusi wa Grand Nord anapofungua tovuti ya kuonyesha kazi zake, pongezi humiminika kwa ajili ya tovuti. Mimi nina swali linalotangulia pongezi: mtu ambaye kichwa chake kiko Brussels, msusi aliye Kirumba atamuuzia nini?

Swali hili lina jibu. Nalileta gazetini kwa sababu wasichana wetu wanaambiwa kila siku kwamba intaneti itawatoa, halafu hakuna anayewaonyesha kipimo cha kofia, namba ya rangi, hesabu ya bei wala njia ya kifurushi. Mambo hayo ndiyo biashara yenyewe. Tovuti ni mlango tu, na mlango hauna faida kama nyumba haina kitu.

Kazi iliyofungwa na kichwa

Kusuka ni kazi inayomtaka mteja awe amekaa mbele ya msusi. Misuko midogo ya kichwa kizima huchukua saa sita hadi nane, na mteja akisimama kazi imesimama. Kwa hiyo mteja wa nje hupatikana kwa njia tatu tu: yeye aje Kirumba, msusi aende kwake, au msuko usafiri peke yake.

Njia ya kwanza imezibika. Zamani ndugu zetu wa Ulaya walikuwa wakishuka Goma na kupanda barabara ya taifa namba 2 hadi nyumbani, na kabla ya harusi au matanga walitaka kusukwa. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu vita vya Januari 2025, na Kirumba yenyewe iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Juni 2024, mara tu baada ya Kanyabayonga kuanguka. Mgeni wa likizo haji tena.

Njia ya pili ina sheria zake. Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone aliyejifunza kusuka akiwa mtoto, alihamia Marekani akaishi jimbo la Utah. Alianza kusukia watu nyumbani huku akilea watoto wake, akatangaza huduma hiyo katika tovuti ya matangazo ya huko. Tangazo lilimletea pia ujumbe wa mtu asiyemjua, akimwonya kwamba anavunja sheria kwa kusuka bila leseni. Utah ilimtaka asome saa 2,000 za urembo, katika masomo ambayo karibu yote hayakuhusu kusuka. Alikwenda mahakamani, na Agosti 2012 jaji wa shirikisho akaamua kwamba sharti hilo, kwake yeye, linavunja katiba. Alishinda, lakini ilimbidi apiganie haki ya kufanya kazi aliyoijua tangu utoto. Anayesukia watu katika nchi ya wengine huingia chini ya sheria za kazi za nchi hiyo.

Inabaki njia ya tatu, na ndiyo ninayoitetea: wigi la misuko, au perike ya misuko kama wengi wetu tunavyosema. Hapo ujuzi wa vidole unatoka kichwani mwa mteja na kuwa kitu kinachopimwa, kinachokunjwa na kutumwa. Msusi wa Kirumba asiye na wigi la kuuza hana anachoweza kumpa mtu wa Brussels, hata tovuti yake ikiwa nzuri namna gani.

Wigi linavyotengenezwa

Tuchukue msusi wa mfano. Tumwite Masika, jina ambalo utalikuta karibu kila mtaa kwetu. Anahitaji kichwa cha kuwekea wigi, pini, sindano yenye kulabu, kofia ya wavu, kipande cha leisi kwa ajili ya mbele, na meshi. Meshi nyingi tunazosuka ni nyuzi za kiwandani za aina ya kanekaloni, ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzitengeneza mwaka 1957. Pakiti moja ya X-pression ile kubwa ina gramu 165, na wigi la misuko ya kati hula pakiti nne au zaidi kidogo.

Anabana kofia kwenye kichwa cha mfano na kuchora mistari ya kugawa, kama anavyogawa kwa kitana kwenye kichwa cha mtu. Anaanzia kisogoni akipanda juu. Kila msuko unaanza kwa kulabu kupita tundu la wavu, kuvuta nyuzi na kufunga fundo, kisha unasukwa hadi mwisho. Akikaribia paji la uso anapunguza nyuzi katika kila fundo, kwa sababu hapo ndipo jicho la mtu hutua kwanza. Fundo nene mbele linafichua wigi kabla mvaaji hajasema neno. Mwisho anachovya ncha za misuko katika maji ya moto ili zifungike, akihakikisha mvuke haufiki kwenye leisi. Moto wa kiberiti hauna kazi hapa, maana huacha ncha ngumu nyeusi zinazochoma shingo.

Kosa linalowaangusha wasusi hodari ni uzito. Mtu aliyezoea kusuka kichwa huona misuko mingi ndiyo sifa. Juu ya kichwa, kila msuko unashikwa na nywele za mwenyewe, lakini juu ya wigi mzigo wote unashikwa na ukingo wa kofia. Wigi likiwa zito kupita kiasi, ukingo wa mbele unavutwa nyuma na leisi inaanza kupasuka karibu na masikio. Dawa yake ni kuliacha wigi juu ya kichwa cha mfano usiku kucha bila pini. Asubuhi ukingo ukiwa umerudi nyuma upana wa kidole, apunguze misuko ya ndani isiyoonekana au afupishe urefu. Kisha avute msuko mmoja mmoja kwa nguvu ya kawaida. Ukiteleza leo mkononi mwake, kesho utaanguka mbele ya mteja, na hakuna fundi wa kuurudisha kule.

Kipimo na rangi

Msusi wa verandani hupima kwa macho. Anayeuza mbali hana macho, kwa hiyo lazima mteja apime na aandike. Vipimo vinne vinatosha: mzunguko wa kichwa kupitia paji la uso na juu ya masikio, kutoka mwanzo wa nywele za mbele hadi shimo la kisogo, kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, na upana wa shingo nyuma. Kofia ya kawaida ya kati huwa na sentimeta 57 za mzunguko, 36 za mbele hadi nyuma, 34 za sikio hadi sikio, na 14 za shingo. Tofauti ya sentimeta moja hufidiwa na mpira wa kofia. Tofauti ya mbili haifidiwi: kofia ndogo hupanda kutoka kisogoni kila mvaaji akigeuka, na kubwa hujikunja juu ya masikio.

Mazungumzo ya Masika na mteja wake wa kwanza yangekwenda hivi:

"Yaya Masika, nimepima kichwa changu, ni 59. Kofia yenu itanitosha?"

"Ile ya kawaida haitatosha, dada. Nitakutengenezea ya 59. Lakini ulipima ukiwa umesukwa?"

"Ndiyo, nina misuko."

"Basi fumua kwanza, ulaze nywele kama utakavyozilaza ukivaa, halafu mwenzako akushikie utepe upime tena."

Maswali hayo mawili yanaokoa siku tatu za kazi. Mteja akifumua, 59 yake inaweza kuwa 57.

Rangi nayo haiaminiki kwenye kioo cha simu, ambapo kahawia iliyokolea huonekana nyeusi. Bahati nzuri watengeneza meshi wana namba zao, na msusi wa Matonge kule Brussels anazijua sawa na wa Butembo: 1 ni nyeusi kabisa, 1B ni nyeusi iliyopoa, 2 na 4 ni kahawia, 27 ni ya asali, 30 na 33 zinaelekea wekundu. Masika asikubali oda iliyoandikwa "kahawia kidogo". Aombe namba, kisha apige picha ya meshi yenyewe nje juani pamoja na pakiti yake, aitume, na asubiri mteja aseme ndiyo kabla ya kukata uzi wa kwanza.

Tovuti iseme nini

Sasa tovuti ina kazi. Ukurasa mmoja unatosha: aina tatu za wigi, bei ya kila moja, namna ya kupima, namba za rangi zilizopo, siku za kutengeneza na siku za kusafirisha. Chini yake kiungo cha WhatsApp, kinachoandikwa `https://wa.me/243` na kufuatwa na namba ya simu bila sifuri ya mwanzo. Anayekibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo na msusi. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupakiwa, maana anayelipia megabaiti za kuzipandisha ni Masika.

Kila wigi lipigwe picha nne: mbele, ubavuni, nyuma na ndani. Picha ya ndani ndiyo inayouza. Huonyesha mafundo, mpira na leisi, na mwanamke aliyewahi kununua wigi baya huitafuta hiyo kwanza. Wasusi wengi huweka picha walizookota Instagram. Mteja wa mbali anaweza kuipitisha picha hiyo kwenye Google Lens na kuona ni kazi ya msusi wa Lagos, na tangu hapo jina la Kirumba limeharibika kwake. Picha tano za kazi yako, hata zikiwa za verandani, zinashinda hamsini za kuazima.

Tusitarajie mteja wa kwanza awe mtu aliyetafuta tu mtandaoni akaiangukia Kirumba. Kwa kawaida kiungo hupita katika kundi la WhatsApp la familia, kikafika kwa binamu aliye Liège, naye akamwonyesha mwenzake wa kazini. Yule wa kazini, asiyejua Kirumba iko wapi, ndiye mteja wa nje hasa. Binamu atasamehe wigi likichelewa mwezi mzima, mgeni hatasamehe. Kwa hiyo yote yaliyoandikwa kwenye ukurasa yaandikwe kwa ajili ya mgeni.

Pesa

Malipo yaje kwa mafungu mawili: nusu kabla ya kununua meshi, nusu baada ya mteja kuliona wigi lililokamilika kwa simu ya video. Nusu ya kwanza inamlinda msusi dhidi ya wanaobadili nia. Ile video inamlinda mteja, ambaye naye anaogopa kutapeliwa na mtu asiyemjua.

Huduma za kutuma pesa kama WorldRemit na Western Union hufikisha pesa Kongo, na pesa ya simu ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo la wengi, hasa baada ya benki za Goma kufungwa mji ulipotekwa. Pana mitego miwili. Wa kwanza ni jina: mtumaji aandike majina yote kama yalivyo kwenye karte ya mchaguzi, kwa mpangilio uleule, la sivyo pesa hukwama. Wa pili ni noti. Noti zikiadimika, wakala hukata zaidi ya ada ya kawaida kuibadili pesa ya simu. Ni afadhali Masika amlipe mwenye duka la meshi kwa simu moja kwa moja kuliko kutoa pesa kisha kuzirudisha.

Bei ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo tufanye hesabu ya mfano, kwa dola. Meshi pakiti nne kwa 3 kila moja ni 12. Kofia na leisi ni 14. Sanduku na intaneti ni 4. Hizo ni 30. Siku tatu za kazi kwa 12 kila siku ni 36, jumla 66. Kulifikisha wigi Kampala kupitia watu wa magari ni 14, na kampuni ya vifurushi ya haraka kutoka Kampala hadi Ulaya tuseme ni 70. Jumla yote ni 150.

Masika akiona 120 ni pesa nyingi kuliko alizowahi kushika kwa kichwa kimoja, na akataja bei hiyo "pamoja na kutuma", amebakiwa na dola 6 kwa siku tatu. Atafurahia mteja wa kwanza wa nje na hataelewa kwa nini mfuko hauna kitu. Njia sahihi ni kutenganisha: wigi 90, usafiri kwa gharama yake, yaani 84. Hapo mteja analipa 174, na ni haki aone ni nini kinachoifanya bei ipande. Kisha apewe shauri la kumleta mwenzake. Mawigi mawili katika sanduku moja, tuseme usafiri wote ukawa 100, kila mmoja atalipa 140. Mwanamke anayelipa zaidi ya euro 100 kila anaposukwa misuko midogo, na kukaa kitini siku nzima, ataiona bei hiyo kuwa ya kawaida.

Njia na mpaka

Kuna barabara mbili za kutoka Kirumba, na zote zina mambo yake. Ya kaskazini inavuka mstari wa vita kwenda Lubero, Butembo na Beni, kisha Kasindi, mpaka wa Mpondwe na Kampala, na kipande cha Beni hadi Kasindi kimeshambuliwa mara nyingi na ADF. Ya kusini inapita Kanyabayonga, Rwindi na Rutshuru hadi Goma, kisha Rubavu na Kigali. Msusi wa Butembo au Beni ana nafuu kwa kuwa yuko upande mmoja na mpaka. Wa Kirumba lazima awe na mtu anayemwamini katika mji wa kupokelea, Kampala au Kigali, kwa sababu namba ya kufuatilia kifurushi hupatikana pale kinapokabidhiwa kampuni. Mpaka hapo, mzigo unafuatiliwa kwa kupiga simu.

Kwa hiyo ukurasa usiahidi siku za barabara nzuri. Msusi ahesabu wiki mbaya aliyowahi kuiona na aandike hiyo: "Kutengeneza siku 5, kusafirisha siku 10 hadi 25." Mteja anayetaka wigi la harusi ya Jumamosi ijayo ataondoka. Ni vyema aondoke kuliko alipe, asubiri, kisha akasirike hadharani.

Na mlangoni Ulaya kuna deni lingine. Tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje hata zikiwa za bei ndogo. Ubelgiji kodi hiyo ni asilimia 21, na kampuni ya vifurushi huongeza ada yake ya kushughulikia forodha. Marekani nayo iliondoa msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 mwezi Agosti 2025. Asiyeambiwa mapema atadhani msusi amemwibia. Sentensi moja kwenye ukurasa inatosha: kodi za nchi yako utalipa wewe unapopokea.

Jambo la mwisho ni meshi yenyewe. Februari 2025 shirika la watumiaji la Marekani, Consumer Reports, lilitoa matokeo ya kupima meshi 10 za kiwandani: zote zilikuwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na tisa zilikuwa na risasi, yaani madini ya sumu. Wateja wa kule wamesoma habari hiyo na watauliza. Masika hana maabara, na asijidai kwamba meshi yake ni salama kwa asilimia mia. Ataje jina la meshi kama lilivyo kwenye pakiti, aioshe na kuianika kabla ya kusuka, na ashone kitambaa cha pamba ndani ya kofia pale inapogusa ngozi. Naye anayeshika nyuzi hizo kutwa, akitegemea vidole vyake, ana sababu kubwa kuliko mteja ya kuosha meshi kwanza na kukaa penye hewa anapochovya ncha kwenye maji ya moto.

Maoni yangu basi ni haya. Mashirika na miradi inayotaka kuwasaidia wasusi wetu iache kuanza na tovuti. Ianze na kichwa cha kuwekea wigi, utepe wa kupimia, mizani, na mtu wa kupokea mizigo Kampala. Msusi atengeneze mawigi matatu, awape wanawake watatu wa Kirumba wayavae mwezi mzima, aone yanapochakaa, arekebishe. Kisha ndipo apige picha na kufungua ukurasa.

Na ninyi ndugu zetu mlioko Brussels, Liège, Montreal na kwingineko: mkiona kiungo cha msusi wa nyumbani, msikisambaze tu kwa kumhurumia. Agizeni. Pimeni kichwa vizuri, tajeni namba ya rangi, lipeni nusu, na wigi likifika na kasoro mwambieni ukweli ulio kamili, kwa picha, ili la pili liwe bora. Mwanamke wa Kirumba anahitaji mnunuzi mkali na mwaminifu, si sadaka.